Nimemaliza dozi ya TB mara mbili, mbona makohozi hayaishi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 36, fundi cherehani, naishi Mbagala na mume wangu, watoto wawili na mama mkwe. Mwaka 2014 niliugua TB, bakteria wakaonekana kwenye makohozi, nikameza dozi miezi sita na kuambiwa nimepona. Kikohozi hakikuisha chote. Mwaka 2019 kikazidi, nikapigwa eksirei, nikaambiwa pafu lina makovu na huenda TB imerudi. Bakteria hawakuonekana, ila nilianzishwa dozi tena na nikaimaliza.

Sasa kila asubuhi natoa makohozi mazito ya njano, kama vijiko viwili vya chakula. Kila baada ya miezi miwili hivi yanakuwa mengi, ya kijani, yananuka, mwili unachoka na ubavu wa kushoto unauma. Nanunua amoksilini ya siku tatu duka la dawa, napata nafuu, halafu hali inarudi. Mwezi wa tatu yalitoka na michirizi ya damu. Kwenye daladala najibana nisikohoe, na usiku nakunywa dawa ya maji ya kuzuia kikohozi ili mama mkwe asisikie.

Safari hii nilipimwa makohozi mara mbili, TB hakuna. Nikapigwa ile picha ya kompyuta ya kifua. Daktari akasema njia za hewa upande wa chini wa pafu la kushoto zimetanuka na hazitarudi. Akataja upasuaji, akanipa tarehe ya kurudi. Foleni ilikuwa ndefu, sikuuliza kitu.

Nyumbani hawaamini. Mama mkwe amenitengea kikombe na sahani, na mtoto wangu mdogo sasa analala chumbani kwake. Mume wangu anataka niombe dozi ya TB mara ya tatu ili nyumba itulie, na jirani anayefanya kazi zahanati anasema atanisaidia kuipata. Nimeze? Nikubali kupasuliwa? Au niende kwa mama yangu Mkuranga mpaka nipone?

Fundi wa Mbagala

*

Marahaba, mwanangu. Nimekaa na barua yako siku mbili, na kila nikiisoma nakwama kwenye maneno yako ya mwisho, "mpaka nipone". Kabla ya kustaafu nilikuwa muuguzi wa kliniki ya kifua kwa miaka mingi, na wenye hali kama yako walikuwa wakiniambia hivyohivyo. Wanaisubiri siku ambayo kikohozi kitakwisha chote, na kwa kuwa siku hiyo haifiki, wanaona kila dawa imeshindwa. Kwa hiyo kabla ya dozi, upasuaji na Mkuranga, nataka uone kinachoendelea humo ubavuni.

Wewe ni fundi, unaijua lastiki. Sketi ikivaliwa miaka, lastiki ya kiunoni hulegea, na hata ukiifua na kuipiga pasi hairudi kubana. Njia za hewa nazo zina nyuzi za kunyumbuka kwenye kuta zake. Kwa kawaida njia hizo hugawanyika kama matawi ya mwembe, na kila tawi ni jembamba kuliko lililolizaa. TB yako ya 2014 ilikula sehemu ya kuta hizo, na kidonda kilipokauka, kovu likawa linazivuta kutoka nje. Zikatanuka zikabaki wazi. Jina la hali hiyo ni bronkiektasia. Kwenye picha ya kompyuta daktari huitambua kwa kuilinganisha njia ya hewa na mshipa wa damu unaoandamana nayo: vinatakiwa kuwa na unene unaokaribiana, lakini kwako njia imekuwa pana kuliko mshipa, na vikionekana kwa mkato vinafanana na pete yenye kito. Eksirei ya kawaida huweza kuikosa kabisa, au ikaonyesha makovu tu, na makovu ya zamani hayasemi kama TB ipo hai au ilikwisha kufa. Naona huko ndiko mambo yalikopindia mwaka 2019.

Sasa, njia kutanuka peke yake kusingekuletea makohozi ya kijani. Shida ni kinachotuama ndani. Njia nzima ina vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyopepea usiku na mchana kusukuma ute kwenda juu kooni, nasi tunaumeza bila kujua. Mahali palipotanuka vinyweleo vimeharibika, na hewa ya kikohozi haipiti kwa nguvu ya kutosha kuukwangua ute. Unakumbuka mtaro ukishabomoka kingo na kupoteza mteremko: mvua ikinyesha maji hayaendi popote, yanasimama, na baada ya siku chache yana wadudu. Ute uliosimama nao huingia bakteria. Mwili hupeleka chembe nyeupe za damu kupigana nao, na rangi ile ya kijani unayoiona ni ya chembe hizo. Ila chembe hizo hutoa vimeng'enya vikali ambavyo haviwali bakteria peke yao, hula na ukuta wa njia, huzidi kuvilemaza vinyweleo na kuufanya ute uwe mwingi zaidi. Ukuta unalegea zaidi, ute unatuama zaidi, bakteria wanarudi. Ndiyo maana unaugua, unapata nafuu, unaugua tena. Kila mzunguko unaandaa unaofuata.

Ukilielewa hilo, tazama mambo mawili unayoyafanya kwa nia njema. La kwanza ni kujibana na ile dawa ya usiku. Kikohozi chako ndicho fagio pekee lililobaki, na dawa ya kukizuia inaufunga mlango uchafu ukiwa ndani. Silaumu, najua inavyokuwa watu wakigeuza shingo kwenye daladala. Lakini jiulize: ukitoka nyumbani kifua kikiwa kimeshasafishwa, utakuwa na kikohozi kiasi gani cha kukibana mpaka ufike kazini?

La pili ni amoksilini ya siku tatu. Siku ya tatu unajisikia vizuri kwa sababu bakteria wamepungua, hawajaisha. Katika njia zilizotanuka dawa haipenyi kirahisi ndani ya ute mzito, na ndiyo maana dozi ya mlipuko wa bronkiektasia, yaani hali inapozidi kama inavyokutokea, kwa kawaida huwa siku 14, hata kama nafuu imekuja mapema. Halafu hakuna anayejua bakteria wako ni yupi. Vipimo vyako viwili vilitafuta TB tu. Jibu la "hakuna TB" halikukuambia nani yupo. Kuna kipimo kingine, cha kuotesha makohozi maabara kwa bakteria wa kawaida na kuwajaribu kwa dawa mbalimbali, na majibu yake hutoka kwa siku chache. Kwa watu wenye hali yako mara nyingi huonekana bakteria anayeitwa hemofilasi, na kwa baadhi huonekana sudomonasi. Wa pili huyo amoksilini haimgusi kabisa, hata umeze mwezi mzima. Makohozi hayo yachukuliwe siku mlipuko unapoanza, kabla hujameza kidonge. Na tafadhali usipandishe dawa mwenyewe dukani, hasa siprofloksasini, kwa sababu dawa za jamii yake zina nguvu pia kwa TB, na zinaweza kuificha kwa muda kama kweli ipo.

Hapo ndipo ninapotaka tuongee taratibu kuhusu dozi ya tatu. Mume wako hajakosea katika kila kitu. TB inaweza kurudi kweli, na pafu lenye makovu si kinga. Ungeniambia unapungua uzito, una homa za jioni na kulowa jasho usiku kwa wiki kadhaa, ningekuhimiza urudi kupimwa kesho. Hukuyataja hayo, na sijui kama ni kwa sababu hayapo au hukufikiri ni muhimu. Jipime uzito wiki hii na uuandike. Kisha omba makohozi yako yaoteshwe kwa TB pia. Kipimo hicho huchukua wiki, si siku, lakini hukamata bakteria wachache ambao darubini haiwaoni, na kikiotesha kitu kinaonyesha wazi kuwa bakteria yu hai. Hilo lina uzito kwa mtu aliyekwisha kuugua, kwa sababu ile mashine inayotafuta vinasaba huweza kuokota mabaki ya bakteria waliokufa kwa aliyetibiwa miaka ya karibuni, naye akaanzishwa dozi bure. Kwako vipimo vimesema hakuna, tena mara mbili.

Kumeza bila ushahidi kunaweza kuleta utulivu wa miezi sita nyumbani, sikatai. Lakini dawa hizo huweza kuumiza ini, na mojawapo macho, na kwako ini lako ndilo fedha watakayolipia utulivu huo. Baadhi yake zitapunguza pia bakteria wa kawaida kwa muda, utajisikia nafuu, na wote watasema "unaona, ilikuwa TB". Dozi ikiisha mtaro bado upo. Utakapougua tena, je, wataomba ya nne? Na dozi inayopatikana kwa mlango wa nyuma haiandikwi popote, kwa hiyo hakuna atakayefuatilia ini lako wala kujua ulichomeza.

Sasa nikuambie kitu ambacho foleni ilikunyima, na kwa maoni yangu ndicho kikubwa kuliko vyote: kusafisha kifua kila siku. Kwa kuwa pako ni chini kushoto, lala ubavu wa kulia, ili sehemu mbovu iwe juu na ute uteremke kuelekea njia kubwa. Wengi huambiwa waweke mito miwili chini ya nyonga ili kifua kiinamie, ila kama una kiungulia, presha au mimba, lala ubavu bila kuinama, bado inasaidia. Fanya asubuhi kabla ya chai, au saa mbili baada ya kula.

Anza kwa kupumua polepole kwa tumbo, mabega yamelegea, kama dakika moja. Kisha vuta pumzi ndefu kwa pua, izuie kwa kuhesabu hadi tatu, iachie bila kusukuma. Fanya hivyo mara tatu au nne. Kule kuizuia kunaipa hewa nafasi ya kupita nyuma ya ute. Pumzika tena kwa pumzi za kawaida. Halafu vuta pumzi ya kiasi, fungua mdomo na koo, na uitoe kwa nguvu ya tumbo, "haaa", kama unavyopulizia kioo cha miwani kabla ya kukifuta. Ukisikia mkoromo kifuani, ute unasogea. Ukiusikia karibu na koo, vuta pumzi kubwa zaidi, toa "ha" fupi yenye nguvu, kisha kohoa na uteme kwenye kopo lenye mfuniko. Rudia mzunguko mpaka "haaa" mbili mfululizo zitoke kavu. Wengi huchukua dakika 15 hadi 30. Kohoa kwa mpangilio huo, si kwa kukakamia, maana kukohoa mfululizo kwa nguvu hubana njia zilizolegea na kufungia ute ndani. Mtaalamu wa fiziotherapia akikuona hata mara moja atakurekebisha mkao, kwa hiyo mwombe daktari akuandikie.

Nilikuwa na mama mmoja kliniki, muuza samaki, aliyekuwa akilalamika kwamba wiki ya kwanza ya mazoezi makohozi yaliongezeka, akataka kuacha. Yalikuwa yale ya zamani yanatoka. Nakuambia mapema usije ukashtuka.

Chukua na daftari ulilobakiza la vipimo vya wateja, gawanya ukurasa. Kila siku andika kiasi kwa vijiko na rangi. Vijiko viwili vya njano ndiyo siku yako ya kawaida, si ugonjwa mpya, na kwa siku hiyo hakuna sababu ya antibayotiki. Mlipuko ni pale ambapo mambo kama matatu yanabadilika pamoja na kukaa siku mbili au zaidi: makohozi yameongezeka, yamekuwa mazito au ya kijani, kikohozi kimezidi, pumzi inakata, mwili umechoka, au kuna damu. Ukiandika hivyo mwaka mzima, daktari ataweza kuhesabu. Kwa maelezo yako unapata milipuko kama sita kwa mwaka, na kuanzia mitatu madaktari huanza kufikiria azithromaisini kwa dozi ndogo ya muda mrefu, ambayo hupunguza bakteria na pia hutuliza ule ukali wa chembe nyeupe. Nayo ina masharti: kabla ya kuianza lazima wahakikishe huna bakteria wengine wa ukoo wa TB, wale wanaoishi kwenye maji na udongo, na waangalie moyo na masikio yako. Mimi ningekuwa wewe ningetaka kwanza nione miezi mitatu ya kusafisha kifua inaleta nini, lakini hilo ni la kuongea naye.

Upasuaji unaweza kuwa na maana ubovu ukiwa mahali pamoja tu, sehemu iliyobaki ya mapafu ikiwa nzima, na usafi wa kifua na dawa sahihi vikiwa vimejaribiwa na kushindwa. Kwako hivyo viwili havijajaribiwa bado, na si kosa lako. Muulize maswali mawili: makovu yale ya eksirei ya 2019 yalikuwa upande huohuo wa chini kushoto, au yapo na kwingine? Na nikipuliza kwenye kipimo cha pumzi, nina akiba ya kutosha kuishi bila sehemu hiyo? Kama kuna ubovu kwingine, kukata kipande kimoja huenda kusikuondolee makohozi. Kuna kitu kimoja kinachoweza kubadili hesabu, nacho ni damu. Mishipa inayolisha njia zilizotanuka hukua na kuwa dhaifu. Michirizi kama ile ya mwezi wa tatu ni ya kumweleza daktari, na siku hiyo uache mazoezi. Ikitoka damu tupu, kama kikombe kidogo cha kahawa au zaidi, usisubiri asubuhi: lalia ubavu wa kushoto, upande mbovu uwe chini ili damu isimwagikie pafu zima, na upelekwe hospitali usiku huohuo.

Tuje kwa mama mkwe. Bronkiektasia haiambukizi. Na hata TB yenyewe husambaa kwa hewa, haisambai kwa sahani wala kikombe. Lakini nimejiuliza kama umemsoma sawasawa. Amemchukua mjukuu kulala naye. Inawezekana ni dharau, na inawezekana ni bibi anayeogopa kwa sababu mwaka 2014 alikuona unakonda. Ulishamweleza alichosema daktari, au alisikia tu kwamba umeenda tena hospitali ya kifua? Unaweza kwenda naye tarehe hiyo ya kurudi, pamoja na mume wako, wamsikie daktari mwenyewe. Hatari yake ni kwamba daktari akiwa na haraka atasema neno moja na wao watashika lisilo lake, kwa hiyo nenda na maswali yameandikwa. Au mume aende nawe peke yake kwanza, kisha yeye ndiye amweleze mama yake. Wewe unawajua, mimi siwajui.

Mkuranga kuna faida: utapumzika, na hutabana kikohozi mbele ya mama yako. Ila umbali wa kliniki fikiria, na pia jiko. Kama kule mnapikia kuni ndani, moshi utakuzidishia ute. Hata hapo Mbagala, jiko la mkaa likiwa kwenye korido ya chumba chako, lisogezwe uani. Na kama ukienda, usiende ukingojea kupona halafu urudi, maana watoto wako watahesabu siku.

Kuna kitu hukukitaja: kipimo cha VVU na cha sukari. Kama hujapimwa karibuni omba, kwa sababu vyote viwili hubadilisha jinsi mwili unavyopigana humo ndani na dawa utakazopewa. Na ulizia chanjo ya mafua na ya nimonia kama zinapatikana.

Mwanangu, umeyabeba haya miaka mingi bila mtu kukuchorea hata picha ya pafu kwenye karatasi. Barua yangu ichapishe au inakili, uende nayo. Siku mlipuko unaofuata utakapoanza, peleka kopo maabara kabla ya kwenda duka la dawa, na majibu yakitoka niandikie jina la bakteria lililoandikwa pale.

Shangazi